"Amekula chumvi nyingi": msemo uliokaa kati ya umri na presha

Barua yenyewe ilikuwa fupi, imeambatanishwa na faili la mgonjwa. Kijana mmoja alikuwa akimwandikia daktari bingwa wa moyo asiyejua Kiswahili, nami nilipewa kazi ya kuitafsiri kwa Kiingereza. Aya ya pili ilisema hivi:

"Mama yangu ana miaka 78. Amekula chumvi nyingi, na presha yake imekuwa ikipanda na kushuka kwa muda mrefu. Dawa anameza kila asubuhi. Siku hizi miguu inamvimba ikifika jioni, na usiku hapati usingizi mpaka ainuliwe kwa mito mitatu."

Ingekuwa barua ya rambirambi, au hotuba ya kumuaga mwalimu anayestaafu, nisingesita hata kidogo. Mtu aliyekula chumvi nyingi ni mtu aliyeishi miaka mingi, na kila aliyekulia ndani ya Kiswahili anaujua msemo huo. Lakini barua hii ilikuwa inakwenda kwa daktari wa moyo. Kwa daktari huyo chumvi ni chumvi, na ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayomuuliza mgonjwa wa presha. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, kwa sababu chumvi huvuta maji mwilini na kupandisha presha. Kuvimba miguu jioni na kushindwa kulala chali ni dalili ambazo daktari atazihusisha na maji yaliyozidi mwilini. Kwa hiyo msemo ule ulikuwa umeketi kwenye aya ambayo kila jambo linaloufuata lingeweza kuupa maana yake ya moja kwa moja, bila mtu yeyote kushtuka.

Hapo ndipo penye hatari ya kazi hii. Nahau inayogongana na mazingira hujitangaza yenyewe. Ukiona imeandikwa kwamba mtu "ana mkono wa birika" katika maelezo ya ugomvi wa pesa, hutafikiria birika la chai, maana ukisoma hivyo sentensi haileti maana. Nahau inayokubaliana na mazingira hupita kimya. Sentensi inasomeka vizuri kwa njia zote mbili, na msomaji huchukua maana iliyomjia kwanza bila kujua kwamba kulikuwa na nyingine. Mfasiri aliyezaliwa ndani ya lugha humjia ile ya mafumbo, anaandika "amezeeka" na kusonga mbele. Mfasiri aliyejifunza lugha ukubwani humjia chumvi ya jikoni, naye pia anasonga mbele. Wote wawili hawana shaka, na asiye na shaka haulizi.

Ndiyo maana nina desturi ya kuisoma matini yote mara moja kabla sijaanza kutafsiri, kalamu mkononi, nikipiga mstari chini ya aina mbili za maneno yanapokutana. Aina ya kwanza ni vitenzi ambavyo Kiswahili hupenda kujengea nahau: kula, kupiga, kupata, kutia, kuvunja, kumwaga, kutupa, kukata, kushika. Aina ya pili ni majina ya vitu vya karibu: viungo vya mwili, vyakula, vyombo vya nyumbani. Vikikutana kitenzi cha kundi la kwanza na jina la kundi la pili, napiga mstari hata kama maana inaonekana wazi kama mchana. Kuvunja ungo, kupata jiko, kumwaga unga, kutia chumvi, kula chumvi. Mistari mingi huishia kutokuwa na kazi, nami sijutii muda huo.

Baada ya kupiga mstari, nikaanza kuipima sentensi yenyewe. Barua inaweza kukuambia mengi kabla hujamsumbua mtu.

Kwanza nyakati za kitenzi. Kijana ameandika "amekula", si "anakula" wala "hula". Mtu anayetaka kueleza mazoea ya mlo kwa kawaida husema "mama hula chumvi nyingi", au "alikuwa anakula chumvi sana". Hali ya -me- inabeba jambo lililokwisha kutimia na matokeo yake yapo, na ndiyo sura ambayo msemo huu huvaa karibu siku zote. Hilo liliegemea upande wa umri. Lakini haliamui. Mtoto anayetazama nyuma maisha yote ya mama yake anaweza kabisa kusema "amekula chumvi nyingi" akiwa na maana ya vyakula vya chumvi vya miaka yote hiyo.

Pili mjengo. Nahau nyingi za Kiswahili hazipendi kuguswa. Ukiweka kiambishi cha mtendwa, au ukaigeuza sentensi iwe ya kutendwa, mara nyingi fumbo linakufa na kitu halisi kinabaki. "Amekula chumvi" inaweza kuwa umri. "Chumvi ameila" ni chumvi tu. "Alivunja ungo" inaweza kuwa msichana aliyebalehe. "Aliuvunja ungo" ni chombo kimepasuka, na pengine mtu atalipa. Kijana hakuweka kiambishi chochote. Kwa hiyo mlango wa fumbo ulibaki wazi, ingawa mlango wa chumvi halisi nao haukufungwa, maana hata chumvi ya kawaida husemwa hivyo hivyo bila kiambishi.

Tatu ni mahali sentensi ilipokaa. Kabla yake kuna umri, baada yake kuna presha. Ukisoma kwa kutazama nyuma, "ana miaka 78, amekula chumvi nyingi" ni mtu anayesisitiza uzee. Ukisoma kwa kutazama mbele, "amekula chumvi nyingi, na presha yake imekuwa ikipanda" ni mtu anayetoa sababu ya ugonjwa. Na kuna la ziada: kama umri umeshatajwa kwa tarakimu, kuna haja gani ya kuurudia kwa msemo? Mhariri wa gazeti angesema ni marudio, kwa hiyo ile ya pili lazima iwe chumvi halisi. Lakini watu wanaoandika kwa uchungu juu ya mama zao hawaandiki kama wahariri.

Ushahidi ukawa umegawanyika. Nikaifungua kamusi, si kwa kutarajia jibu, bali ili kuwa na kitu cha kuonyesha nikiulizwa. Kamusi itathibitisha kwamba msemo upo na una maana fulani. Mwandishi wa barua hii alikusudia lipi, hilo haliko ndani ya kamusi yoyote.

Nikamwomba mwenzangu anayepitia kazi zangu aisome aya hiyo. Kiwango cha ISO 17100 cha mwaka 2015, ambacho wakala wengi wa tafsiri hukifuata, kinataka kila tafsiri ipitiwe na mtu wa pili, lakini mimi humtumia mtu huyo hata kabla ya tafsiri kuwepo. Jambo la muhimu ni kutomwonyesha shaka yako. Ukimuuliza "unadhani hii ni nahau?" umeshamfungulia macho, na jibu lake halikusaidii tena. Nilimpa aya nzima na kumwambia: "Nisimulie mgonjwa huyu ana nini." Akasoma, akasema: "Ni mama mtu mzima, ana presha kwa sababu ya kula chumvi sana, moyo umeanza kuchoka." Naye ni mzawa wa lugha kama mimi. Mimi nilikuwa nimeusikia umri kwanza, yeye akaisikia chumvi. Basi hapakuwa tena na njia ya kukwepa kuuliza.

Kuuliza nako kuna njia zake, na mara nyingi swali hufa njiani. Mfasiri kwa kawaida hazungumzi na mwandishi. Anazungumza na mratibu wa kazi, mratibu anazungumza na aliyeleta hati, na huyo ndiye anayemjua mwandishi. Nilipeleka swali langu kwa mratibu, na baada ya muda mfupi likarudi na jibu lake mwenyewe: "Ni chumvi tu, tafsiri ilivyo." Hakuwa ameuliza mtu. Alikuwa amesoma sentensi, akaielewa kwa njia moja, akaona nampotezea muda. Simlaumu kwa kuielewa hivyo, ila jibu la mratibu ni usomaji wa mtu wa tatu, halina uzito kuliko langu wala la mwenzangu. Tangu hapo kila jibu linalorudi kwangu naliuliza kwanza: huyu aliyejibu ndiye aliyeandika?

Nikamwandikia tena mratibu, safari hii kwa mpangilio ambao ni vigumu kuujibu bila kufikiri. Niliinakili sentensi kama ilivyo. Chini yake nikaweka maana mbili, kila moja kwa lugha nyepesi: "mgonjwa ameishi miaka mingi" na "mgonjwa amekuwa akila chumvi kupita kiasi". Kisha nikaandika kinachobadilika: kwa maana ya pili, daktari ataingiza kwenye historia ya mgonjwa jambo linaloweza kuelekeza matibabu. Mwisho nikaeleza ninachohitaji: jibu kutoka kwa mwandishi wa barua, au ruhusa ya kumuuliza moja kwa moja. Kilichomgusa, nadhani, ni ile sehemu ya kinachobadilika. Swali la nahau likiletwa peke yake linaonekana ni ubishi wa walimu wa lugha. Likiletwa pamoja na madhara yake, mtu anaona kwamba jina lake nalo limo.

Nilipewa namba ya kijana. Hapa nilijizuia nisimpe maana mbili kama nilivyompa mratibu. Mwandishi ukimuuliza "ulimaanisha amezeeka, siyo?", atasema ndiyo kwa adabu, au kwa sababu ana haraka, au kwa sababu anadhani wewe ndiye mtaalamu. Ukimuuliza "ulimaanisha chumvi ya kweli?", anaweza pia kusema ndiyo, akihofia kwamba kuna kosa kwenye barua yake. Swali zuri linaulizia hali halisi kwanza, kisha linauliza nia. Nilimwandikia hivi:

"Habari za leo, kaka, na pole kwa kuuguza. Mimi ndiye ninayetafsiri barua yako kuhusu mama. Naomba unisimulie kidogo juu ya mlo wake: chumvi anaila vipi kwa sasa, na zamani ilikuwaje? Halafu, pale ulipoandika kwamba amekula chumvi nyingi, ulitaka daktari aelewe nini?"

Jibu lilikuja kwa sauti, na nilisikia ameshtuka. "Aa, hapana dada. Hapo nilimaanisha kaishi sana, ni mtu mzima, wamtazame kwa huruma. Chumvi yenyewe mama haonji kabisa. Tangu alipoanzishiwa dawa chakula chake kinapikwa pembeni, na hata sisi tukimsihi aonje kidogo hataki."

Tafsiri ya neno kwa neno isingekuwa na upungufu mdogo tu. Ingemwambia daktari kinyume kabisa cha hali ya mgonjwa. Nilimuuliza baadaye daktari ninayefahamiana naye, bila kumtajia mgonjwa, jambo hilo lingeleta tofauti gani. Akanieleza kwa utulivu kwamba daktari akiamini miguu inavimba kwa sababu ya chumvi anaweza kuanza kwa kumshauri mgonjwa apunguze chumvi, na akachelewa kutafuta sababu nyingine. Baadhi ya dawa za presha zenyewe, amlodipini kwa mfano, huweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Na mzee anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini huku akiikwepa chumvi kabisa anaweza kuishiwa sodiamu kwenye damu, jambo linalomletea udhaifu na kuchanganyikiwa. Kumwambia huyo apunguze chumvi zaidi si ushauri wa kumpa. Sijui mama yule alikuwa anameza dawa zipi, na si kazi yangu kujua. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha hakuna chumvi ya uongo inayoingia kwenye faili lake.

Katika maelezo ya kijana mlikuwa na kitu kingine, ambacho ndicho kilichoniongoza katika kutafsiri: "wamtazame kwa huruma". Alikuwa ameshataja miaka 78. Aliurudia umri kwa msemo kwa sababu tarakimu haina heshima. Kiswahili hukimbilia nahau hasa pale mtu anapotaka kusema jambo zito kwa staha: kifo, uzee, ujauzito, hedhi, haja. Hiyo ni dalili nyingine ninayoitumia siku hizi. Nikiona sentensi inayorudia jambo lililokwisha kusemwa, na jambo lenyewe ni la staha, naipa nahau uzito zaidi. Kwa Kiingereza sikutafuta msemo wao wa uzee, maana mingi ina utani ndani yake. Nilichagua maneno ya kawaida yenye maana ya "amejaliwa umri mrefu", nikaacha heshima ibaki na fumbo liondoke.

Lakini je, ile habari kwamba mama haonji chumvi? Ni habari muhimu kuliko barua nzima, nami nilikuwa nayo mkononi. Sikuitia ndani ya tafsiri. Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza ukweli ambao haumo kwenye hati, hata ukiwa ukweli mtupu, maana kesho mtu akilinganisha hati mbili ataona moja inasema jambo ambalo nyingine haisemi, na zote mbili zitapoteza imani. Nilimshauri kijana aongeze mstari mmoja mwishoni mwa barua yake kwa mkono wake, aeleze mlo wa mama. Akaongeza, nikautafsiri, na hati zikalingana.

Si kila shaka linafika mbali hivyo. Mara nyingine jibu limo humo humo ndani ya faili, na kumuuliza mtu ni kujichelewesha. Nilipata kutafsiri nyaraka za mgogoro wa kazi kutoka kiwanda cha kusaga nafaka. Shahidi mmoja alisema: "Alimwaga unga Jumatatu, Jumanne akaitwa ofisini, na tangu hapo hatukumwona tena kazini." Kumwaga unga ni kupoteza kazi. Na kiwandani mle unga unamwagika kweli. Tofauti haikuwa ndogo, kwa sababu katika mgogoro kama huo siku ya kuachishwa kazi ndiyo siku ambayo muda wa kulalamika huanza kuhesabiwa.

Kiambishi -ka- kilinipa fununu ya kwanza. "Akaitwa" ni tukio linalofuata tukio, na kama mtu alishapoteza kazi Jumatatu, kuitwa ofisini Jumanne ni jambo linalohitaji maelezo. Hata hivyo mtu anaweza kuambiwa leo na kuitiwa barua kesho, kwa hiyo fununu ilibaki fununu. Niliendelea kusoma faili mpaka nikafika kwenye taarifa ya mtunza ghala, ya tarehe ya Jumatatu ile ile, inayotaja magunia yaliyopasuka na jina la mfanyakazi yule yule. Mbele zaidi ilikuwepo barua ya kumwachisha kazi, nayo ilikuwa na tarehe ya Alhamisi. Hapo sikuwa na la kuuliza. Niliandika tu kwenye jedwali langu la maswali, ambalo hukabidhiwa mteja pamoja na kazi, kwamba "alimwaga unga" nimeichukua kwa maana ya unga halisi, na nyaraka mbili zilizonipeleka huko nikazitaja kwa namba za kurasa. Wakili akitaka kubishana na uamuzi wangu, ajue abishane na nini.

Methali zina ugumu wake wa peke yake, kwa sababu wakati mwingine msemaji anakusudia maana zote mbili kwa pamoja. Msimamizi mmoja wa ujenzi alitoa maelezo kwa ajili ya bima baada ya fundi wake kuanguka na kuvunjika muundi. Maelezo yalimalizika hivi: "Nilimwambia asiipande ngazi ile. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Methali hiyo hutumiwa kila siku kwa watu ambao miguu yao ni mizima. Lakini hapa palikuwa na guu, na lilikuwa limevunjika kweli.

Ukitafuta methali ya Kiingereza inayofanana nayo kimaana, isiyotaja mguu, unapoteza jambo ambalo msemaji alilitaka: kwamba methali imetimia mbele ya macho yake. Ukitafsiri neno kwa neno na kuiacha hivyo, unaleta balaa kubwa zaidi. "Huvunjika" si "huvunjwa", ila Kiingereza hakitenganishi mambo hayo mawili kwa urahisi, na msomaji wa kampuni ya bima angeweza kudhani anasoma kanuni ya mahali pa kazi: asiyemtii bosi, mguu wake unavunjwa. Maelezo ya ajali yangegeuka tishio.

Nilimpigia msimamizi simu, nikamuuliza sentensi ya mwisho aliiweka kwa nia gani. "Ni methali tu, mwanangu," akasema, "maana yake nilimwonya. Lakini si umeuona mguu wenyewe?" Jibu hilo lilinitosha kabisa. Niliitafsiri methali kwa maneno yake, guu likiwemo, nikaitangulizia maneno ya kuonyesha kwamba ni usemi wa kale, kisha nikaweka tanbihi: hii ni methali ya kawaida ya Kiswahili inayomaanisha kwamba anayepuuza maonyo ya wakubwa hupata madhara, msemaji amethibitisha kwamba aliitumia kueleza kuwa alitoa onyo kabla ya ajali. Neno "amethibitisha" ndilo lililobeba kazi yote. Lisingekuwepo, tanbihi ingekuwa maoni yangu tu.

Na panapokuwa hapana wa kumuuliza? Kwenye kesi moja ya mirathi niliwahi kupewa barua ya zamani iliyoandikwa na bibi ambaye alikuwa ameshafariki. Ndani yake: "Baba yenu alitutupa mkono mwaka ule wa mafuriko." Kutupa mkono ni kufa, na ndivyo tunavyosema msibani: mwenzetu ametutupa mkono. Lakini kumtupa mtu mkono pia ni kumtelekeza. Mume aliyefariki na mume aliyeondoka ni watu wawili tofauti kabisa mbele ya mirathi, kwa sababu aliyeondoka anaweza kuwa na mke mwingine na watoto wengine mahali pengine.

Nilisoma barua yote nikitafuta kaburi, matanga, mjane, chochote. Hapakuwa na kitu. Wajukuu walioileta walikuwa na maoni, na maoni yao yaligawanyika kwa kufuata nani angefaidika na jibu lipi, kwa hiyo sikuyachukua. Katika hali kama hiyo naamini mfasiri hana haki ya kuchagua. Akichagua, amemtolea marehemu ushahidi ambao hakuutoa. Bahati nzuri Kiingereza, kama Kiswahili chenyewe kwenye "alituacha", kina kitenzi kinachobeba kuondoka na kufa kwa pamoja, nami nikakitumia. Lakini sikuishia hapo, maana msomaji wa Kiingereza naye angechukua maana iliyomjia kwanza bila kuhisi kwamba kuna nyingine. Niliandika tanbihi kwamba usemi wa asili una maana mbili, nikazitaja zote kwa usawa, nikaeleza kuwa barua yenyewe haina jambo linaloamua kati yake, na kwamba mwandishi hayupo wa kuulizwa.

Wakili aliyepokea kazi alinipigia akiwa hajapendezwa. Alitaka neno moja. Nikamwambia neno moja halimo kwenye barua, ila kama upo ushahidi wa nje, cheti cha kifo au hati nyingine yenye tarehe, autafute, kwa sababu huo ndio utakaojibu, si mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza mafuriko yale yalikuwa ya mwaka gani.